Marehemu mwenyewe alisema "nikikata kamba". Mimi nikiandika hivyo nimekosa nini?

#1 Mtoto wa Tatu
Wakuu, habari za jioni. Nitafupisha.

Mzee wetu ametutoka wiki iliyopita baada ya kuumwa miaka mitatu. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha ratiba na wasifu wake. Mzee alikuwa mtu wa mzaha. Katika maradhi yake yote sikuwahi kumsikia akisema "nikifa" wala "nikifariki". Yeye ilikuwa "siku nikikata kamba". Nikikata kamba ile redio mtanizikia nayo au mumpe anayejua kuitunza. Nikikata kamba msiandike "kifo cha ghafla", miaka mitatu nimewapigia honi.

Basi kwenye wasifu nikaandika: "Mzee alikata kamba alfajiri ya Jumapili." Nikatupia rasimu kwenye kundi la familia.

Kilichofuata sina hamu nacho. Baba mdogo kanipigia saa nne usiku kuuliza kama kaka yake alikuwa mbuzi. Shangazi kaandika maneno mawili, "Futa hiyo", akatoka kwenye kundi.

Naomba mnieleweshe. Neno ni lilelile. Yeye kalisema miaka mitatu watu wanacheka mpaka machozi, mimi nimelisema mara moja nimekuwa mtoto asiyefunzwa. Na la pili, kwa nini kifo kina majina ya mtaani kibao hivi? Kudanja, kuvuta, kukata moto, kudedi, kwenda jongomeo. Mbona ndoa haina?

#2 Kibuyu
Pole sana mkuu. Ila ndoa inayo. "Kuvuta jiko" hujalisikia? Anayeoa anavuta jiko, anayekufa anavuta tu. Nakuachia ulitafakari hilo.

#3 Mla Chumvi Nyingi
Pole kijana wangu. Jibu la swali la pili ni jepesi: hofu. Wazee walijua ukimtaja Ziraili anadhani umemwita. Kwa hiyo watu wanalizunguka neno. "Kufa" likaachwa, tukashika "kufariki", mengine yakafuata kwa sababu hiyohiyo. Mzaha nao ni hofu iliyovaa kofia.

#4 Binti Kamusi
Pole Mtoto wa Tatu, na hongera kwa kuwa na baba wa aina hiyo.

Shikamoo mzee Mla Chumvi. Hofu ipo, lakini peke yake haitoshi, na nina ushahidi ambao sote tunautamka kila wiki. Mbona shehe na mchungaji wanasema "wafiwa" mbele ya umati bila kumeza mate? "Tunawapa pole wafiwa." "Nimefiwa." "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu." Hiyo yote ni "fa" ileile, imeongezewa viambishi tu. Hakuna aliyewahi kusema "wafarikiwa". Kwa hiyo si mzizi unaotutisha.

Kinachokwepwa ni kitu chembamba kuliko hicho: kitenzi "kufa" kikimbeba mtu tunayemjua. "Mama yake amekufa." Hapo ndipo ulimi unapokata kona. Mbuzi kafa, sawa. Betri imekufa, sawa. Jirani amefariki. Ukigeuza ukasema mbuzi wako amefariki, watu watacheka, kwa sababu umempa mbuzi heshima ya mtu. Ndiyo maana baba yako mdogo aliuliza habari za mbuzi. Hakuwa anatukana, alikuwa anafanya uchambuzi wa lugha kwa hasira.

Na "kufariki" lenyewe lilikuwa pazia. Lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kutengana, ukoo mmoja na "farakana". Kufariki dunia ni kuachana na dunia. Tumelitumia mpaka pazia limechakaa, ndani panaonekana, kwa hiyo mwenye uchungu anatafuta pazia jipya: ametutoka, ametwaliwa, ametangulia mbele ya haki, amelala. Angalieni na "kuaga dunia". Wenzetu Wakenya wengi sasa wanasema "aliaga" tu, dunia imedondoka njiani, na hakuna anayeuliza alimwaga nani. Tafsida ikishaeleweka bila kumaliziwa, ujue siku zake za kuficha zinahesabika.

#5 Ngangari
Mjadala mzuri. Niongezee hapo: marehemu ni kwa mtu wa kawaida, hayati ni kwa kiongozi aliyefia madarakani. Hiyo ni sheria ya Kiswahili.

#6 Binti Kamusi
Kaka Ngangari, Mwalimu Nyerere aliacha urais 1985, akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa sheria yako asingekuwa hayati, na nchi nzima inamwita hayati.

Uliyoshika ni nusu. "Hayati" kweli huenda zaidi kwa watu mashuhuri, lakini madaraka si sharti. Kinachonifurahisha mimi ni kilichomo ndani. Hayati asili yake ni neno la uhai. Marehemu ni ndugu wa rehema: aliyerehemewa, karibu ni dua. Yaani majina yetu mawili ya heshima kwa mtu aliyekufa, moja linataja uhai, jingine linataja huruma, na kifo hakimo katika hata moja.

#7 Ngangari
Nakubali nusu, kama ulivyonipa nusu.

#8 Fundi Plagi
Pole mkuu. Mimi niseme la kukata moto maana hilo ni letu sisi wa gereji. Injini ikiwa inakwenda halafu plagi ikaacha kurusha cheche, tunasema imekata moto. Haijafa polepole, imekata. Ukiiwasha inazunguka, kompresheni ipo, mafuta yapo, ila moto hakuna. Mtu naye ni hivyo, viungo vyote vipo, cheche haipo. Watu wa mtaani wamelichukua kwetu.

#9 Mla Chumvi Nyingi
Fundi, kabla ya gari watu walikuwa na moto. Mafiga yamepoa, nyumba imekufa. Usitunyang'anye.

#10 Msoma Nyota
Mzee, samahani, lakini moto wa mafiga haukatiki. Unazima. Unazimika. Jaribu kusema "moto wa jikoni umekata" uone. Kinachokatika ni kitu chenye mtiririko: maji, umeme, mawasiliano. Na umeme nao watu huuita moto. Kwa hiyo mimi nampa Fundi alama saba kwa kumi, ila nadhani ni waya wa nyumbani kabla ya plagi yake.

#11 Binti Kamusi
Mimi naona nyote mnaangalia "moto" wakati siri iko kwenye "kukata". Panga haya mstari mmoja: kukata roho, kukata kauli, kukata kamba, kukata moto. "Kukata roho" ni la siku nyingi na wala si la kihuni, limo kwenye hadithi za dini. "Kukata kauli" ni mgonjwa aliyefika pale ambapo hawezi tena kusema. Kiunzi kilikuwepo tayari: kukata, halafu kitu kinachomuunganisha mtu na uhai. Kila kizazi kinachomoa kile cha mwisho na kuchomeka cha kwake. Walioshika kamba wakasema kamba, walioshika plagi wakasema moto. Sitashangaa wajukuu wakisema "kakata bando".

#12 Kibuyu
Wajukuu gani? Mimi jana usiku nimekata bando na nilizikwa mpaka asubuhi.

#13 Msoma Nyota
Sawa Binti, lakini kamba ya nini? Ya mbuzi au ya mashua? Kama ni ya mbuzi, aliyekata kamba ametoroka, kawa huru, na mwenye mbuzi ndiye aliyepata hasara. Kama ni ya mashua, amechukuliwa na maji bila kupenda. Ni maana mbili tofauti kabisa za kufa.

#14 Mtoto wa Tatu
Mzee alikuwa anachunga utotoni, kwa hiyo kwake nadhani ni mbuzi. Alikuwa anasema "nikikata kamba msinifukuze".

#15 Binti Kamusi
Ukimwambia baba mdogo hilo la "msinifukuze" anaweza kupoa. Au anaweza kukupiga.

#16 Mama Pacha
Jamani poleni wote. Nilivyoelewa swali ni kwamba tuwaambieje watoto, naomba nichangie. Bibi yao alipofariki niliwaambia pacha wangu "bibi amelala". Walikuwa na miaka minne. Wiki mbili hawakulala kitandani kwao. Mmoja nikimwambia "twende tukalale" anang'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Nikabadilisha, nikasema "amesafiri", basi kila gari likisimama nje wanakimbia dirishani. Mwishowe dada yangu ndiye aliyewakalisha akasema: bibi amekufa, moyo wake umesimama, hapumui, haumwi tena, na hatarudi. Walilia. Usiku ule wakalala.

#17 Kibuyu
Mama Pacha, swali halikuwa hilo, ila jibu lako ni bora kuliko swali.

#18 Nesi wa Zamu
Mama Pacha hajapotea, yuko katikati ya uzi kabisa. Watu wazima nao ni hivyohivyo.

Nilikuwa mgeni kazini, zamu ya usiku. Baba wa watu kafariki saa tisa. Mwanawe yuko korido, kakaa kwenye benchi na blanketi mapajani. Nikamfuata, nikachukua sauti ya upole niliyolelewa nayo, nikasema, "Kaka, mzee ametangulia." Akasimama. "Ametangulia wapi, eksirei? Si mngeniambia nimpelekee blanketi, huko kuna baridi." Na akaanza kutembea kuelekea eksirei. Nilimkimbilia kwenye ile korido nikiwa sijui nimwiteje.

Ndiyo maana kazini tunafundishwa kutumia neno lisilo na njia mbili. Tangu siku ile nasema "amefariki", mara moja, halafu nanyamaza, hata kimya kikiuma. Kutamka "amekufa" bado ulimi wangu hautaki, lakini "ametangulia" nimewaachia wenye maiki msibani. Pale kila mtu anajua tayari, kwa hiyo pazia halimdanganyi mtu. Shida ni pazia kabla ya habari.

Na sasa niseme la aibu. Tukiwa chumba cha chai wenyewe, lugha yetu hungeiamini. Kuna "kahamia wodi ya chini". Kuna "kasaini kutoka". Mtu ametoka kubana kifua cha mgonjwa dakika arobaini, kashindwa, anaingia anasema "wa kitanda cha sita kanikatalia ajira", na tunacheka. Kisha anakwenda kunawa uso. Hapo hatumcheki mgonjwa. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hivyo.

#19 Mchimbaji
Nesi nimekuelewa. Mimi nachimba makaburi mwaka wa kumi na moja huu. Tukiwa sisi wenyewe na majembe, marehemu tunamwita "mpangaji". Kaburi ni "chumba". Tukipewa kipimo cha urefu, kijiti kimekatwa sawasawa na mwili, mmoja ataangalia atasema "huyu anataka masta". Kama tumegonga mwamba tunasema mpangaji ana mguu mzito. Ardhi ikiwa tifutifu, kuta zinaporomoka ukiwa ndani umefika kifuani, na hapo mzaha unaongezeka maana ndiyo saa ya hatari yenyewe. Yule aliye chini ndiye anayetania zaidi kuliko walio juu.

Lakini sheria yetu haijaandikwa na haivunjwi: akitokea mtu wa familia kwenye njia, hata yuko mbali, mtu wa juu anakohoa. Basi. Mpangaji anakuwa marehemu palepale. Niliwahi kufanya kazi na kijana mmoja ambaye kikohozi hakukisikia. Sitamtaja. Alikuwa anasema kwa sauti "leteni mpangaji kabla mvua haijanyesha", na mjane yuko hatua kumi. Tulimaliza kazi ile bila neno, na hakuitwa tena.

#20 Mpitaji
Poleni. Nimesoma kimya ila #19 umenitoa pangoni.

Kuna jambo linaloonekana hata kwenye lugha za mbali. Wajerumani husema marehemu amerudisha kijiko, au anazitazama figili kwa chini. Wafaransa humfanya ale magugu kuanzia mizizini. Waingereza humfanya ayasukume maua juu. Wapolandi humpigisha teke kalenda, Wabrazili humvalisha koti la mbao. Ni watu ambao hawakukaa kikao kimoja. Lakini angalieni wanachokishika: udongo, mbao, mizizi, kijiko. Lugha ya adabu hushika roho, ndiyo hiyo safari, usingizi, wito, mapumziko. Lugha ya mtaani hushika mwili na vyombo vyake. Naona mzaha unarudisha kile ambacho adabu imekiondoa. Mchungaji akisema "amepumzika" mtu wa nyuma anakumbuka kwamba kuna shimo na lina kina.

Na hilo la hayati limenikumbusha Cicero, konsuli wa Roma ya kale. Mwaka 63 kabla ya Kristo, baada ya watu waliokula njama na Catilina ya kuipindua serikali kunyongwa gerezani, alitoka akawatangazia watu kwa neno moja la Kilatini: waliishi. Hakusema wamekufa. Ni ujanja uleule wa hayati, kutaja uhai ili usitaje kingine.

#21 Ngangari
Mpitaji, na jongomeo? Hilo ni la kihuni na ni safari. "Kaenda jongomeo." Nadharia yako imekata moto.

#22 Mpitaji
Ha! Hilo limenipiga. Ninaweza kujitetea kwamba ni safari ya mahali ambapo hakuna anayetaka kwenda na hakuna anayekwambia ni kuzuri, tofauti na peponi. Lakini nitakuwa nachechemea.

#23 Fundi Plagi
Jongomeo ni baada ya kituo gani? Kuna dereva nataka nimpeleke, hajanilipa.

#24 Binti Kamusi
Turudi kwa mwenye uzi, maana swali lake la kwanza bado halijaguswa.

Mtoto wa Tatu, unasema neno ni lilelile. Si lilelile. Baba yako alisema "nikikata". Nafsi ya kwanza, jambo halijatokea, na kamba ni yake. Wewe umeandika "alikata". Nafsi ya tatu, limeshatokea, na kamba si yako. Haya maneno ya mtaani yana milango mitatu ninayoiona. Mtu kujisemea mwenyewe: "siku nikidanja". Sote kwa pamoja: "tutavuta wote". Na mtu au kitu kilicho mbali nawe: jambazi wa kwenye filamu, simu, timu pinzani. Katikati ya milango hiyo kuna ukuta, nao ni marehemu mwenye wafiwa waliopo. Mchimbaji kauita kikohozi.

Freud aliandika mwaka 1927 kuhusu mzaha wa mtu anayepelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, anasema: "Wiki imeanza vizuri." Tunacheka kwa sababu anayesema ndiye anayenyongwa. Sasa mpe maneno hayohayo mnyongaji. Umeona? Hakuna herufi iliyobadilika, na mzaha umekuwa ukatili.

#25 Nesi wa Zamu
Binti, nakubali kwa sehemu kubwa, ila chumba chetu cha chai kinavunja ukuta wako. Sisi tunamsemea mtu wa tatu, na si wa mbali, tumetoka kumshika mkono.

#26 Mchimbaji
Na sisi. Ila wewe na mimi tuna kazi naye. Labda huo ni mlango wa nne.

#27 Mla Chumvi Nyingi
Mnamsumbua mtoto na nafsi za sarufi. Kilichowakera ndugu ni karatasi. Angelisema neno lile jioni pale kwenye turubai, akasema "mzee kweli kakata kamba", baba mdogo angecheka huku analia, nimeyaona hayo mara nyingi. Lakini kijitabu kinawekwa kabatini. Mjukuu atakisoma miaka 30 ijayo, sauti ya mzee haipo, kicheko chake hakipo, limebaki neno lenye harufu ya mbuzi. Mzaha wa mdomoni hufa na siku yake. Ukiuchapisha unakuwa umetoa taarifa.

#28 Msoma Nyota
Au ni rahisi zaidi: mtoto wa tatu hawezi kumzungumzia baba hivyo, hata angekuwa hai na anaumwa jino. Mngempa wasifu mjomba wake auandike kwa maneno hayohayo muone.

#29 Mla Chumvi Nyingi
Nalo lina uzito.

#30 Mtoto wa Tatu
Wakuu asanteni. Nimesoma yote, mengine mara mbili, na #18 nilisoma kwa sauti kwa mama.

Nimebadilisha. Juu nimeandika "alifariki dunia alfajiri ya Jumapili". Chini, kwenye aya ya tabia zake, nimeweka kwa alama za kunukuu: "Alizoea kutuambia, 'Siku nikikata kamba msiandike kifo cha ghafla.'" Nimemwachia kamba yake mkononi mwake.

Baba mdogo kajibu "sawa". Tena sawa kavu, bila nukta. Shangazi bado hajarudi kundini. Mpwa wangu anasema alimsikia jikoni akimsimulia jirani lile la honi, anacheka mwenyewe, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Sijui niliweke upande gani hilo.

#31 Binti Kamusi
Usiliweke popote. Mwache.

#32 Kibuyu
Mazishi mema mkuu. Swali moja tu la nje ya mada: ile redio?

#33 Mtoto wa Tatu
Iko kwa baba mdogo. Anasema mzee alimwachia kwa mdomo, hakuna karatasi.